Asubuhi Saba za Mtamba

Kanuni ya kuficha majina niliitunga mwenyewe, mezani kwangu mjini Lushoto, jioni moja ya mvua, nami niliipenda kama mtu anavyopenda kazi ya mikono yake. Kikundi chetu cha ng'ombe wa maziwa, huko kijijini kwetu juu ya barabara ya Kwai, kina utaratibu ulio rahisi kuueleza. Kaya iliyopewa ng'ombe humlea ndama jike wa kwanza mpaka awe mtamba, kisha humkabidhi kwa kaya nyingine isiyo na ng'ombe, nayo itafanya vivyo hivyo. Ugumu wote umo katika swali moja, yaani nani afuate. Kwa miaka mingi swali hilo lilijibiwa kwa kujuana. Shangazi wa katibu alipata, kisha shemeji wa mweka hazina, na watu wakanung'unika njiani wakitoka mashambani. Hatimaye waliniomba niwe mwenyekiti, ingawa ninaishi mjini ninakofundisha sekondari. Walisema hadharani sababu ya kunichagua: sijui kupendelea. Mwaka fulani nilimrudisha darasa mtoto wa kaka yangu kwa alama mbili, na kijiji kizima kilikuwa bado kinakumbuka.

Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua ninachokifanya. Kwa miaka thelathini nimeishi na vitabu vya maadili, na vile nilivyoviheshimu kuliko vyote vilinifundisha mambo matatu. Cha kwanza kiliniambia kwamba kanuni ya haki ni ile ambayo mtu angeichagua kabla ya kujua atazaliwa nani, tajiri au maskini, mzima au mgonjwa. Cha pili kilisema jambo halifai kutendwa ikiwa huwezi kutaka kila mtu alitende. Cha tatu, kilicho kikavu kuliko vyote, kilisema kila mmoja ahesabiwe kuwa mmoja, wala asihesabiwe yeyote kuwa zaidi ya mmoja. Vitabu hivyo vinagombana vyenyewe kwa vyenyewe, lakini vinakubaliana juu ya jambo moja: mtu wa maadili hujiondoa katika nafasi yake na kutazama mambo kutoka mahali ambapo mama yake na mama wa jirani ni sawa. Niliamini kwamba kupanda kufika mahali hapo ndiko kukomaa.

Basi niliandaa fomu. Kila mwombaji alipewa namba, na majina yakafungwa ndani ya bahasha ambayo hata mimi sikupaswa kuifungua. Banda lilikuwa na alama zake, na shamba la malisho lilikuwa na zake, kwa kuhesabu makinga maji yaliyopandwa matete na majani ya gwatemala. Mahudhurio ya mafunzo matatu, yaliyofanyika siku za Jumatano, nayo yalikuwa na alama. Aliyekosa mafunzo mara mbili angefutwa bila mjadala, kwa kuwa asiye na nafasi ya kujifunza hana nafasi ya kufuga. Waombaji walikuwa kumi na wanne, na mtamba alikuwa mmoja.

Namba kumi na moja nilimtambua mara moja. Fomu yake ilisema kwamba malisho yake yapo kwenye makinga maji matatu chini ya msikiti, kushuka mpaka kijito. Makinga maji hayo aliyachimba baba yangu. Anayeyalima sasa ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Kaka yangu yuko Mnazi, tambarare, analima mpunga na ufuta kwa watu, na hupanda mlimani mara moja kwa miezi miwili. Wifi yangu hubaki na shamba, na watoto wawili wa shule, na mama yangu mzazi, ambaye masika ya mwaka juzi alipata kiharusi kilichouchukua mkono wake wa kulia, Kiswahili chake chote na nusu ya koo lake.

Namba kumi na moja alikuwa amekosa mafunzo mara mbili.

Nakumbuka kalamu. Nilipiga mstari juu ya namba ile, kisha nikapiga mwingine juu ya namba sita, aliyekosa mara mbili vilevile na ambaye sikumjua. Mstari wa namba sita ulikuwa mwembamba. Ule wa namba kumi na moja uliacha alama kwenye karatasi ya chini. Nilifikiri nimefanya jambo gumu na safi. Mtamba alipangiwa namba nne, mwenye banda la sakafu ya saruji, makinga maji manane, na mahudhurio matatu kati ya matatu.

*

Jumamosi iliyofuata nilipanda kijijini kama kawaida yangu, na sabuni, na sukari, na mashuka ya mgonjwa. Nilimwamkia mama, akanitazama kwa jicho lililo zima. Wifi alikuwa amemketisha kitini, mto nyuma ya mgongo, akimlisha uji. Sikutaka habari ile aipate kwa watu wengine, hivyo nilimweleza nikiwa nimesimama, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama maneno yangu yalitoka kama tangazo la asubuhi pale shuleni. Nilimwambia kwamba fomu hazikuwa na majina, kwamba hata hivyo nilimtambua, na kwamba ingekuwa dhuluma kwa wengine kumi na watatu kumwacha apite kwa sababu ni wangu.

Hakugeuka. Alisubiri mama ameze, akatazama koo lile likipanda na kushuka, ndipo akaweka kijiko.

“Umefanya vizuri, wifi,” alisema. “Sasa nyumba nzima wamejua mwalimu hapendelei. Hata mama atafurahi, akishamaliza kumeza.”

Nilimwambia asinifanyie dhihaka, jambo lenyewe ni la kanuni.

“Mimi kanuni siigombi. Nakuuliza kitu kimoja tu. Ile Jumatano ya kwanza, na ile ya pili, nilipokuwa nimekosa, nilikuwa nimemshika nani?”

Nilijua jibu. Nililijua hata nilipokuwa nimeshika kalamu, na hilo ndilo lililonisumbua njiani nikishuka. Nilikuwa nimejisifu kwa kutoona, kumbe nilikuwa nimeona vizuri nikakaza macho mbele. Isitoshe, palikuwa na jambo jingine ambalo sikulipenda hata kidogo. Jumatano zile mbili mimi nilikuwa mafunzoni, nikisimamia, na jioni nilikaa mezani na vitabu vyangu. Niliweza kukaa pale, juu kabisa, mahali ambapo mama yangu na mama wa jirani ni sawa, kwa sababu mtu mwingine alikuwa amekaa chini na mama yangu.

*

Nyumbani nilivitoa vitabu vya aina nyingine, ambavyo nilivisoma chuoni kwa ajili ya mtihani na kuvidharau. Viliandikwa hasa na wanawake wasomi, na hoja yao huitwa maadili ya kujali. Pembeni mwa ukurasa mmoja nilikuta mwandiko wangu wa miaka ishirini na mitano iliyopita: “Upendeleo uliovaa nguo safi.” Safari hii nilisoma kwa udadisi wa mtu aliyeshtakiwa.

Hawasemi, kama nilivyokuwa nimewasingizia, kwamba kila mtu atazame wake na dunia ijitazame yenyewe. Wanaanza na swali lililo chini ya lile langu. Wanauliza: huyo mtu anayekubaliana kanuni na wenzake, huru, mzima, asiyemtegemea yeyote, alitoka wapi? Nani alimlisha hadi akafika mkutanoni, na huyo aliyemlisha yuko wapi mkutano unapoendelea? Wanasema kila mmoja wetu huanza maisha akiwa mzigo mikononi mwa mtu, na wengi wetu tutayamaliza hivyo, na kwamba nadharia inayomsahau anayebeba haijawa ya watu wote hata ikijiita hivyo. Wanasema pia kwamba kumjali mtu ni kazi yenye hatua zake: kwanza kuona kwamba mtu ana haja, kisha kukubali kwamba haja hiyo inakuhusu, kisha kuitenda kazi kwa ustadi, kwa kuwa moyo mwema usiojua kazi hudhuru, na mwisho kumtazama yule unayemhudumia aonyeshe kama kweli amehudumiwa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyonigusa, kwa kuwa katika haki yangu haikuwapo. Fomu haimsubiri mtu ameze.

Hata hivyo sikushindwa upesi. Niliviuliza vitabu vile: na asiye na mtu wa kumwona je? Ikiwa jicho linaona lililo karibu, nani atamwona aliye mbali? Nililala na swali hilo nikidhani limenirudishia heshima yangu.

*

Jumatatu nilipata ujumbe kwamba mama aliyekuwa akimlea mtamba wa kugawiwa ananiita. Ni mwanamke wa miaka sabini hivi, mjane, mfugaji hodari kuliko wote kikundini, aliyemlea mtamba yule tangu alipozaliwa na kuanguka majanini. Kikundi chetu kina desturi ambayo haikuandikwa popote, nami katika fomu zangu sikuigusa: anayepokea huenda asubuhi saba mfululizo kwenye banda la anayetoa, akate majani, alishe, asafishe, mpaka mnyama amzoee mkono. Siku ya saba hukabidhiwa kamba. Nilikuwa nikiichukulia kama adabu ya wazee.

Nilimkuta ameketi juu ya gogo mlangoni pa banda, kitenge kimefungwa kiunoni. Nikamwamkia, “Shikamoo, mama,” akaitikia bila haraka, akaniambia kwamba kamba haitatoka. Namba nne, ambaye baada ya kutangazwa alijitokeza kuwa mfanyabiashara wa mbegu pale sokoni, alikuwa amemtuma kibarua. Asubuhi tatu, vibarua wawili tofauti.

Nilimjibu kwamba kanuni haikusema nani aje. Namba nne alikuwa na alama nyingi kuliko wote, na hakuna aliyeonewa.

“Mwanangu, umempima banda, umempima majani. Mkono hukuupima.” Alikuna kichwa cha mtamba katikati ya pembe changa. “Huyu siku ile ya pili alikataa kula. Kibarua akaandika kwenye daftari la tajiri wake kwamba amekula. Aliandika kwa sababu aliambiwa aandike.”

Kisha akaniuliza kwa nini wengine wamefutwa, na ni nani. Nilisita, kwa kuwa bahasha haikupaswa kufunguliwa kabla ya makabidhiano, lakini makabidhiano yenyewe yalikuwa yamekwama, na yeye alikuwa mjumbe wa kamati kama mimi. Tulimwita katibu, tukaifungua pale pale bandani. Kwa namba kumi na moja hakuna aliyeshangaa. Namba sita niliyasoma majina yake mara mbili kabla ya kuelewa ni yupi.

Alikuwa mwanamume wa makamo anayeishi ng'ambo ya bonde, fundi wa kutengeneza majembe. Mkewe alifariki. Ana mtoto wa kike wa miaka saba asiyetembea wala kusema, ambaye shingo yake haishiki vizuri tangu kuzaliwa. Yule mama alizijua habari zake zote. Jumatano ni siku ya mazoezi ya viungo kliniki, Lushoto mjini, naye humbeba mgongoni mpaka barabarani. Mafunzo yangu niliyapanga Jumatano kwa kuwa mchana wa Jumatano nina vipindi vichache.

Hapo palikuwa na somo ambalo sikulitafuta. Wifi yangu nilimwona kwa kuwa ni wangu. Kama ningefuata moyo tu, siku ile ya kalamu, ningemrudisha yeye kwenye orodha na kumwacha namba sita chini ya mstari wake mwembamba, na ningejiita mtu anayejali. Na kanuni yangu ile, iliyokuwa haimjui mtu, iliwafuta wote wawili kwa haki sawa, kwa kuwa tayari ilikuwa na mtu ndani yake: mtu mwenye Jumatano tupu. Nilikuwa nimeandika upendeleo kwa wino wa kutopendelea.

*

Kamati ilikutana ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Nilieleza yote, pamoja na kwamba nilimtambua wifi yangu na nikakaa kimya. Nilipendekeza tuondoe ufutaji kwa yeyote aliyekosa mafunzo kwa sababu ya kumhudumia mtu asiyejiweza, na mafunzo yamfuate nyumbani.

Katibu, ambaye shangazi yake ndiye aliyewahi kusemwa, hakuiacha nafasi ile ipite. “Mwalimu, mbona kanuni imelegea ilipomfikia wifi yako? Ya shangazi yangu mliimba mpaka redioni.”

Watu walicheka, nami nilistahili. Nilimwambia kwamba ana haki ya kuuliza, na kwamba ndiyo sababu ninaondoka kwenye kiti kwa jambo hili na sitapiga kura. Lakini sababu ninayoitoa, nilisema, isimame au ianguke bila wifi yangu. Iulizeni kwa namba sita. Iulizeni kwa mtu msiyemjua wa mwaka kesho. Nilipokuwa nikisema hivyo niligundua kwamba ninatumia vile vitabu vyangu vya zamani, vya haki, kutetea jambo nililoonyeshwa na vile vingine. Sijui mpaka leo kama huko ni kupatanisha au ni kutojua kuamua.

Walikubali. Yule mama akaongeza sharti lake: namba nne, namba sita na namba kumi na moja wataanza upya asubuhi saba, kila mmoja kwa mikono yake, kwa zamu tatu za asubuhi moja, na yeye atatazama, kisha atasema mbele ya kamati alichokiona. Mtu aliuliza atatumia kipimo gani. Alijibu kwamba atamtumia mtamba.

Namba nne alisimama, mtu wa heshima zake, akasema kwamba asubuhi zake ni za dukani na hazigawanyiki, na kwamba angependa mtamba aende kwa mwenye asubuhi. Nilimwonea huruma kidogo, maana hakuvunja kanuni yoyote niliyoiandika. Wakabaki wawili.

Nilipotoka nje ndipo nilipoona kosa jipya, na safari hii lilikuwa la yule mama. Wifi yangu hakuwa na asubuhi. Saa kumi na mbili mama huamshwa, huogeshwa, hugeuzwa, hulishwa kwa muda wa saa nzima. Jaribio la mkono lilikuwa limemfungia nje mtu ambaye mikono yake imeshikwa tayari. Nilirudi bandani kumwambia. Alinisikiliza, akasema jambo hilo alilijua tangu alipolitamka.

“Basi ataketi nani na mama yake mwalimu?” aliniuliza.

*

Ilikuwa mwezi wa sita, shule zimefungwa. Sikuwa na udhuru. Nilichokuwa nacho ni swali la mwenyekiti: je, ni halali mimi kumsaidia mshindani mmoja? Nikimkalia mama, wifi anapata asubuhi zake, na namba sita je, mtoto wake atakaliwa na nani? Nilimwendea yule fundi ng'ambo ya bonde nikamweleza waziwazi. Alikuwa amemlaza mtoto kivulini karibu na mivukuto ya karakana yake. Alisema haoni tatizo, atamleta bandani. Yule mama alitandika magunia ya pumba pembeni, akamwekea mtoto mahali pa kuegemea, na kuanzia asubuhi ya kwanza mtoto alikaa pale akimtazama mtamba kutoka upande wake, kichwa kimelala begani.

Nami nilikwenda kwa mama yangu.

Nitasema ukweli juu ya asubuhi ile ya kwanza, kwa kuwa niliwahi kuandika kurasa nyingi juu ya wajibu wa mtoto kwa mzazi. Ukungu ulikuwa mzito hadi mlangoni. Nilikoroga uji mwepesi, kwa kudhani mwepesi ni rahisi kumezwa. Nilimlisha vijiko vilivyo sawa, kwa mwendo ulio sawa, kama mtu anayejaza fomu. Katika kijiko cha tano alipaliwa. Uso ulibadilika, akakohoa bila nguvu, na kwa muda ambao ulikuwa mfupi lakini sikuuona hivyo sikujua la kufanya. Ilinijia kumwinamisha mbele. Alipopata pumzi alinitazama kwa jicho moja, na jicho lile halikuwa na lawama, lilikuwa na tahadhari. Mama yangu alikuwa ananiogopa.

Wifi aliporudi saa mbili, mikono inanuka majani mabichi, hakunicheka, jambo ambalo lingekuwa rahisi kwangu. Alinionyesha. Uji uwe mzito, ushikamane na kijiko, kwa kuwa mwepesi hukimbia kabla koo halijajiandaa. Kidevu kishuke kidogo, kisiinuke. Kijiko kiingie upande wa kushoto, ulio hai. Kisha usubiri, usitazame kijiko, tazama koo, likipanda na kushuka ndipo ulete kingine. Akigeuza uso usimfuate. Akimaliza asilazwe mpaka nusu saa ipite.

“Nani alikufundisha?” nilimwuliza.

“Kliniki walinifundisha kidevu,” alisema. “Mengine kanifundisha mwenyewe.” Akamwelekeza mama kwa kidole.

Nilikuwa nimeishi na neno “ustadi” vitabuni bila kulipa uzito. Siku ya tatu nilijua kwamba mama hali chochote kabla hajageuzwa kutazama dirisha. Siku ya nne alisema neno moja la Kishambaa ambalo nilifikiri ni maji, nikampa, akakataa. Wifi aliporudi aliniambia anauliza kama mvua imenyesha bondeni. Siku ya tano alinigusa mkono kwa ule mkono wake mzima, baada ya kumeza, mara moja, kama anayesema endelea. Sijawahi kupata alama yoyote nikaithamini kama ile.

Nilijiuliza pia, nikiwa nimekaa nikisubiri koo, kama haya yote yangenipata kwa mama wa mtu mwingine. Vitabu vya haki vinadai ningemhudumia vilevile mgeni, na siwezi kusema vimekosea. Kuna wagonjwa hospitalini wasio na ndugu, nao wana koo. Lakini kilichonifundisha kulitazama koo ni hili moja. Huenda mtu hujifunza hapa na kukipeleka kule alichojifunza, na kanuni ndiyo inayombeba pale moyo unapochoka kutembea. Au huenda najifariji. Wifi yangu hakuwahi kuwa na swali hilo. Swali lake, nililolisikia siku ya sita, lilikuwa jepesi zaidi: kwa nini katika miaka miwili hii hakuna mtu aliyeuliza yeye hulala saa ngapi.

Sikuwa na kitabu cha kumjibu. Au niseme, kwa mara ya kwanza kilichohitajika kilikuwa kile cha zamani kabisa, cha kugawana mzigo kwa usawa, nami nilikuwa sijawahi kukifungua nyumbani kwetu.

*

Asubuhi ya saba kamati ilikusanyika bandani. Nilikaa nyuma, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mama alikuwa ameachwa kwa saa moja na mtoto mkubwa wa wifi, aliyekuwa likizo na aliyejua kazi hiyo kuliko mimi. Yule mama mwenye mtamba hakusema maneno mengi. Alisema kwamba wote wawili mikono yao ni mizuri. Huyu wa kumi na moja anakata majani vizuri zaidi na anajua kusoma afya ya mnyama kwenye kinyesi. Mtamba angenenepa kwake. Lakini mnyama, alisema, amezoea upande ule wa magunia. Kila asubuhi akishakula huenda kusimama pale, na yule mtoto humwekea mkono puani, na kliniki wamemwambia baba kwamba mwezi huu shingo imeanza kushika. Pale nyumbani kwa fundi hakuna mtu mwingine wa kumpokea mzigo. Kwa huyu mwingine yupo mmoja, alisema, na wala hakuniangalia, ila amechelewa kuja.

Kamati ilipiga kura. Kamba ilikwenda kwa namba sita, na ikaandikwa, kwa ombi la yule mama, kwamba jike la kwanza litakalozaliwa litakwenda kwa namba kumi na moja. Mpaka sasa siwezi kuamua kama uamuzi ule ulikuwa wa haki au wa kujali. Ulitazama uso wa mtoto mmoja, ukawekwa kwa kura, ukaandikwa kitabuni. Katibu aliuliza kama mwaka ujao tutahesabu pia na shingo za watoto. Swali lake bado liko kwenye kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Nilishuka na wifi kupitia makinga maji ya baba. Nilitegemea machozi, au ile dhihaka yake. Alikata tita la gwatemala njiani, kwa mazoea, kisha akalitazama, akaliweka ukingoni kwa kuwa halikuwa na wa kulila.

“Yule mtoto alicheka jana,” alisema. “Hukuwepo. Alicheka na sauti.”

Nikamwambia pole kwa mtamba. Akasema mtamba atazaa, yeye hana haraka na ng'ombe.

“Sasa niambie, wifi. Kesho ni ya nane. Unakuja, au asubuhi zako zilikuwa saba?”

Nilianza kumwambia kwamba shule zinafunguliwa wiki ijayo, kwamba nina vipindi, kwamba mchana wa Jumatano ndio mwepesi kwangu. Nikasikia nilichokuwa nakisema, nikaikata sentensi. Tulikuwa tumefika uani. Mama alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, mjukuu amemgeuza atazame bonde.

Ninakuja Jumatano na Jumamosi, na Ijumaa jioni ili Jumamosi ianze na mimi. Kaka yangu nilimwandikia Mnazi, barua ya kurasa mbili yenye hoja zote, naye alijibu kwa simu kwamba amesikia. Siku zake ni za mwisho wa mwezi, na mwezi uliopita alizikosa. Nimemwambia nitamwandikia tena. Leo ni Jumatano. Uji umekuwa mzito kupita kiasi, nimeuongezea maziwa kidogo kutoka kwa jirani, na kidevu kimeshuka. Ninasubiri.